Silabasi ya CCNA na jioni nne kwa wiki: jinsi ya kuipanga mpaka siku ya mtihani

"Kaka habari. Nipo kitengo cha IT kwenye kampuni moja hapa Dar, natoka kazini saa kumi na moja, na foleni ya Mbagala nafika nyumbani saa moja na nusu. Watoto wakilala ni saa tatu, hapo ndo napata muda wa kusoma mpaka saa nne na nusu, Jumatatu mpaka Alhamisi tu, wikiendi nina duka. Nataka CCNA, kile cheti cha mitandao cha Cisco, nina miezi minne. Nimeshusha silabasi yao nikaigawa mada moja kila jioni ila wiki ya pili tu nishachanganyikiwa. Nipangie tafadhali."

Salama mdogo wangu. Shida iko hapo kwenye kugawa mada moja kila jioni. Ile silabasi ina mada kubwa 53, ukizihesabu zile za namba mbili kama 1.1, 1.2 na kuendelea, na ukizipanga mstari mmoja jioni moja unajikuta unatoa uzito sawa kwa vitu ambavyo mtihani hauvipi uzito sawa kabisa. Angalia sehemu ya tatu, `IP Connectivity`. Ina mada tano tu, lakini inabeba asilimia 25 ya mtihani, yaani robo nzima. Sehemu ya tano ya usalama ina mada kumi na inabeba asilimia 15. Sasa kwa mpango wako robo ya mtihani umeipa jioni tano kati ya 53, haifiki hata sehemu ya kumi ya muda wako, na humo ndani kuna OSPF, protokali ya ruta kuambiana njia, ambayo peke yake huwezi kuimaliza kwa jioni moja hata ungekuwa huna kazi wala watoto.

Kabla ya kupanga upya hakikisha kwanza ulichoshusha ni toleo sahihi, maana mitandaoni PDF za zamani bado zinazunguka sana na watu wanatumiana kwenye magrupu. Mtihani ni 200-301 na silabasi yake ni v1.1, ndo inayotumika tangu Agosti 2024. Njia ya haraka ya kujua ni kwenda mada ya 6.6, ukiona Ansible na Terraform uko sawa, ukiona Puppet na Chef hiyo ni ya zamani, ifute kabisa kwenye simu isije ikakuchanganya.

Haya, tuhesabu jioni zako. Miezi minne tuiite wiki 16, jioni nne kila wiki, unapata jioni 64. Usizipangie zote mada mpya. Wiki tatu za mwisho, yaani jioni 12, ziweke pembeni za majaribio ya mtihani. Zinabaki jioni 52 kwenye wiki 13. Hapo tena toa 12, hizi ni za viporo, kila Alhamisi iwe ya kiporo isipokuwa wiki moja tu. Umeme utakatika, mtoto ataumwa, bosi atakubakisha kazini kuna seva imelala, na kama hukuacha nafasi basi ukikosa jioni moja ratiba nzima inasogea na ndo hapo watu wanakata tamaa. Kwahiyo mada mpya zinabaki na jioni 40, Jumatatu Jumanne na Jumatano, pamoja na hiyo Alhamisi moja.

Hizo 40 sasa zigawe kwa asilimia zao wenyewe Cisco walizoandika. `Network Fundamentals` asilimia 20 ni jioni 8, `Network Access` asilimia 20 jioni 8, `IP Connectivity` asilimia 25 jioni 10, `IP Services` asilimia 10 jioni 4, `Security Fundamentals` asilimia 15 jioni 6, na `Automation and Programmability` asilimia 10 jioni 4. Mi ningekunyang'anya jioni moja hapo kwenye otomesheni, ibaki na 3, hiyo moja ipeleke kwenye ACL, ile orodha ya kuruhusu na kuzuia pakiti, iliyo ndani ya usalama, kwasababu otomesheni karibu yote ni ya kuelewa na kutambua wakati ACL unaiandika kwa mkono na ukikosea mpangilio wa mistari miwili tu umekosa swali zima.

Asilimia zinakuambia jioni ngapi. Hazikuambii ukifika saa tatu usiku ukae ufanye nini, na hapo ndo wengi hawasomi silabasi vizuri, wanaruka neno la kwanza la kila mada wanaenda kwenye jina la protokali. Neno la kwanza ndo lenye kazi. Mada ikianza na `Configure and verify` maana yake utawekwa mbele ya kifaa, au utapewa matokeo ya komandi, na unatakiwa uwe na mkono. Kusoma hiyo mada kitandani au kuangalia mtu anaifanya kwenye video hakukusaidii, lazima ufungue Packet Tracer, simuleta ya Cisco ya kujengea labu. Ikianza na `Interpret` au `Determine` utaoneshwa kitu, mfano jedwali la njia la ruta, na utaulizwa pakiti ya kwenda sehemu flani itatokea intafesi gani, kwahiyo jioni yake ni ya kusoma matokeo ya `show` mengi mpaka jicho lizoee. Ikianza na `Describe`, `Explain` au `Compare` hapo kusoma kunatosha ila kipimo chake ni uweze kueleza kwa mdomo wako bila kuangalia, na ikianza na `Recognize` hiyo ni ya kutambua tu ukiiona.

Ukipita silabasi yote ukiwa na kalamu ukapiga duara kila penye `Configure` utapata mada 16 hivi. Hizo ndo mifupa ya ratiba yako, zipange Jumatatu na Jumanne kichwa kikiwa bado kina nguvu ya wiki, na Jumatano weka zile za kueleza maana hata ukiwa umechoka kusoma tofauti ya TCP na UDP unaweza. Mfano mzuri ni STP, mada ya 2.5, watu wanapoteza wiki nzima kuibadilisha badilisha kwenye labu wakati neno lake pale ni `Interpret`. Unachotakiwa ni uangalie `show spanning-tree` ujue nani ni ruti, pote ipi imefungwa na kwanini, jioni mbili zinatosha.

Mpangilio nao usifuate namba za silabasi moja kwa moja, wameipanga kwa makundi, hawajaipanga kwa kufundishia. Kuna vitu vitatu ningevihamisha. Paswedi za kifaa (5.3) na SSH (4.8) zivute wiki ya kwanza, ni jioni moja tu, kwasababu baada ya hapo kila labu unayofungua unaanza kwa kuziweka, ukifika wiki ya 13 unaziandika bila kufikiri na hujawahi kuzirudia rasmi. ACL (5.6) isome kabla ya NAT (4.1), maana NAT ya pooli inatumia ACL kusema anwani zipi za ndani zinaruhusiwa kubadilishwa, ukianza na NAT kwa sababu tu iko sehemu ya nne utakuwa unakopi mstari usiouelewa. Na waifai imetawanywa sehemu tatu, iko 1.11, halafu 2.6, 2.7 na 2.9, halafu 5.9 na 5.10. Izoe zote uzisome kwa mfululizo kwa jioni tatu, chukua moja kutoka kila sehemu, na ya tatu ifanye kwenye Packet Tracer ambako kuna WLC, kifaa cha kusimamia waifai, unayoweza kuifungua kwa brauza ukatengeneza WLAN ya WPA2 kwa kubofya, ndo hicho hicho 5.10 inachotaka.

Packet Tracer yenyewe ni bure, unajisajili Cisco Networking Academy unaishusha. Ishushe leo, usingoje jioni ya labu ya kwanza uanze kupambana na bando.

Sasa ngoja nikuoneshe sehemu moja kwa ukaribu, kwasababu hesabu za jioni peke yake hazikuambii dakika 90 zinaisha vipi. Tuchukue `IP Connectivity` na zile jioni 10. Mada za 3.1 na 3.2, kusoma jedwali la njia na ruta inaamuaje, zipe jioni mbili. Static routing (3.3) jioni mbili, moja ya IPv4 na moja ya IPv6, na kwenye zote usisahau ile static inayoelea, yaani ya akiba yenye AD kubwa. FHRP (3.5) ni `Describe`, jioni moja. Zinabaki jioni tano, zote za OSPF, 3.4. Naona watu wanashtuka, jioni tano mada moja. Lakini soma vizuri silabasi, chini ya 3.4 wametaja majirani, point-to-point, brodikasti na uchaguzi wa DR na BDR, yaani ruta kiongozi na msaidizi wake, na router ID, hayo ni manne yanayojitegemea na yote yako chini ya `Configure and verify`. Jioni ya tano ni ya kujenga yote kutoka karatasi tupu.

Chukua ile jioni ya DR na BDR. Dakika 10 za kwanza ni sabneti, nitairudia hii chini. Dakika 20 unasoma, sio zaidi ya hapo, weka alamu. Dakika 40 unajenga, ruta tatu kwenye swichi moja, R1 mpaka R3, router ID 1.1.1.1, 2.2.2.2 na 3.3.3.3, mtandao mmoja 10.0.0.0/24. Kila ruta inakuwa hivi, ukibadilisha namba tu:

```
router ospf 1
 router-id 1.1.1.1
interface GigabitEthernet0/0
 ip address 10.0.0.1 255.255.255.0
 ip ospf 1 area 0
 no shutdown
```

Hifadhi, halafu zizime zote uziwashe kwa pamoja. Kama hakuna iliyochelewa sana kuamka, `show ip ospf neighbor` itakuonesha R3 ndo DR na R2 ni BDR, kwasababu priority zote ni 1 na hapo router ID kubwa inashinda. Kitabu kimesema hivyo na umeona. Wengi wanafunga leptopu hapa wanalala. Dakika 20 zilizobaki ndo zenye thamani kuliko zote, ni za kuharibu.

Nenda R1, kwenye intafesi weka `ip ospf priority 200`. Kabla hujaangalia chochote andika kwenye daftari unategemea nini kitatokea. Karibu kila mtu anaandika R1 atakuwa DR. Angalia: hakuna kilichobadilika, R3 bado DR. OSPF haimnyang'anyi DR aliyepo cheo kwa sababu tu amekuja mwenye priority kubwa. Sasa nenda R3 piga `clear ip ospf process`, ukubali, halafu andika tena unategemea nini. Hapa ndo pazuri, anayepanda kuwa DR ni R2, kwasababu yeye ndo alikuwa BDR, na R1 na ile 200 yake anakuwa BDR. Mpaka uende na R2 nayo uipige clear ndo R1 anapanda. Ukishaliona hilo kwa macho yako huwezi kulisahau, na swali la mtihani linalokuonesha priority 200 na kukuuliza nani DR sasa hivi utalisoma mara mbili kabla ya kujibu.

Jioni ya majirani nayo ina uharibifu wake. Ruta mbili, moja 10.0.12.1 yenye maski ya 255.255.255.252, nyingine 10.0.12.2 lakini makusudi weka 255.255.255.248. Ping inapita bila shida, kila mmoja anamuona mwenzake yuko ndani ya mtandao wake, lakini `show ip ospf neighbor` haina kitu. Mtu asiyejua atazunguka saa nzima kwasababu kichwani mwake ping ikipita basi mtandao uko salama. Kwenye mtandao wa aina ya brodikasti OSPF inakagua maski iliyo ndani ya pakiti ya hello, zisipofanana haimpokei jirani. Irekebishe, halafu haribu kingine, upande mmoja weka `ip ospf hello-interval 5`, ujirani ukate wenyewe baada ya muda usiozidi sekunde 40, kisha tafuta tatizo kwa kutumia `show ip ospf interface` pekee, bila kuangalia konfigi. Kwenye Etheneti kawaida ni hello 10 na dead 40, na utaona upande ulioubadilisha dead nayo imeshuka yenyewe ikawa 20. Jizoeshe hiyo tabia ya kukataa `show running-config`, kwenye swali la mtihani unaweza ukapewa matokeo ya `show` nyingine kabisa na uambiwe utafute tatizo hapo hapo.

Jambo moja usije ukashangaa, Packet Tracer ni simuleta, haiigi kila kitu cha IOS halisi. Ukikutana na kitu kinachopingana na ulichosoma, kiandike, kiulize kazini kwa mtu mwenye ruta ya ukweli, usikibebe kama ndivyo kilivyo.

Daftari nililolitaja liwe moja tu na liwe la makosa. Usiandike notsi za kukopi kitabu, hutazisoma, na saa tatu usiku kukopi kunakupa hisia ya kusoma wakati mkono ndo unafanya kazi kichwa kimelala. Andika namba ya mada ya silabasi, ulichotegemea, kilichotokea, na sababu kwa mstari mmoja. Kama hivi: 3.4.c, nimeweka priority 200, DR hajabadilika, hakuna kunyang'anyana mpaka aliyepo aondoke. Ukiwa na mistari kama hiyo 80 mpaka 100 ikifika wiki ya 13 hicho ndo kitabu chako, na kwasababu kila mstari una namba ya mada utaona wenyewe unajikusanya wapi. Mtu akiwa na mistari 20 ya 5.6 na mistari miwili ya 2.1 hana haja ya kuniuliza jioni ya kiporo afanye nini.

Alhamisi yenyewe inaenda hivi. Kama kuna jioni ulikosa wiki hiyo, unalipa, imeisha hiyo. Kama hukukosa, unachukua labu ya wiki iliyopita, sio ya wiki hii, unaifungua ikiwa tupu na unaijenga bila kitabu wala daftari wala alama ya kuuliza ya kwenye kifaa. Nasema wiki iliyopita kwasababu ya juzi bado iko vidoleni, itakudanganya. Ukiijenga na ikafanya kazi weka tiki kwenye silabasi kwenye ile mada. Ukikwama tiki hamna, inarudi Alhamisi ijayo. Tiki inawekwa Alhamisi tu, usiweke siku uliyosoma. Kwa zile za `Describe` na `Explain` kipimo ni mdomo, jirekodi kwenye simu dakika mbili ukieleza mfano DHCP inafanyaje kazi hatua kwa hatua, halafu sikiliza kwenye daladala asubuhi. Ukisikia sehemu unasema "halafu inafanya ile nini" ujue hapo hujui.

Sabneti sasa. Mada ni 1.6 lakini imejificha kwenye mada nyingine nyingi, kwenye static, kwenye OSPF, kwenye ACL na wildcard zake, kwenye NAT. Ndomana ukishaipa jioni mbili za mwanzo haina tena jioni yake peke yake, ina dakika 10 za kila jioni mpaka siku ya mtihani, hata jioni ya otomesheni. Kwa karatasi na kalamu, bila kikokotoo. Mfano 172.16.45.77/20. Maski ya /20 inaishia oktet ya tatu na hapo ni 240, 256 toa 240 ni 16, basi mitandao inaruka kwa 16: 0, 16, 32, 48. 45 iko kati ya 32 na 48, kwahiyo mtandao ni 172.16.32.0 na brodikasti ni 172.16.47.255. Wiki ya kwanza itakuchukua dakika mbili tatu kwa swali moja na ni sawa. Ikifika wiki ya sita iwe chini ya dakika moja, ikifika ya kumi nusu dakika. Nasisitiza muda kwasababu mtihani ni dakika 120 na ukishajibu swali ukasonga mbele hurudi nyuma, hakuna kusema hili nitalirudia mwisho, kwahiyo dakika mbili ulizozama kwenye sabneti zimetoka kwenye labu inayokusubiri mbele.

Wiki tatu za mwisho, zile jioni 12, hamna mada mpya hata moja, hata kama kuna mbili tatu hazina tiki. Wewe una dakika 90 na mtihani ni 120, kwahiyo jioni moja kila wiki ongea na mama watoto muanze saa mbili na nusu badala ya saa tatu, ukae dakika 120 kamili bila kunyanyuka na bila kurudi swali la nyuma. Jioni inayofuata usifanye jaribio jingine, kaa na yale uliyokosa, kila moja lirudishe kwenye namba yake ya silabasi. Na yale uliyopata kwa kubahatisha yahesabu kama umekosa, unajijua mwenyewe. Jioni mbili zinazobaki za wiki ni labu za zile namba zilizojitokeza. Watu wanafanya majaribio kila siku mfululizo alama zinapanda wanafurahi, kumbe wameshakariri maswali, ukimbadilishia namba za IP tu amepotea.

Na kwenye majaribio hayo tumia ya wachapishaji wanaoandika maswali yao. Kuna dampsi zinauzwa kwenye magrupu, zinaitwa maswali halisi ya mtihani, achana nazo. Ni kuvunja makubaliano unayosaini na Cisco kabla ya mtihani na wanaweza kukufutia cheti na kukufungia, halafu pia majibu yake mengi ni mabovu, na swali la labu halina jibu la kukariri.

Tarehe ya mtihani usiweke leo. Mtihani ni dola 300, na mtu akishalipa mapema anaanza kusomea tarehe badala ya kusomea silabasi. Ningekushauri mwisho wa wiki ya 11 uhesabu tiki za zile mada 16 za `Configure`. Kama una 12 au zaidi na sabneti iko chini ya nusu dakika, ingia Pearson VUE uweke tarehe ya wiki ya 16, Ijumaa au Jumamosi asubuhi, duka mwachie mtu. Kama tiki ni nane au tisa, sogeza kwa wiki tatu na hizo wiki zitumie kama Alhamisi zote. Ukishaweka bado unaweza kusogeza tarehe mpaka saa 24 kabla.

Ikitokea hujapita utapewa ripoti inayoonesha asilimia kwa kila sehemu kati ya zile sita, ihifadhi. Unasubiri siku tano ndo unaruhusiwa kurudia lakini usirudi siku ya sita, chukua sehemu mbili za chini kabisa kwenye ripoti, zipe jioni zake upya kwa asilimia zilezile za silabasi, na usianze tena na mada ya 1.1.